Heliki, Atlantis, Dwarka au Kumari Kandam: hadithi ipi ya mji uliozama itakufaa

Walimu wa Historia wanaoendesha vilabu vya shule hapa Mombasa, watembeza wageni wa Mji wa Kale, hata wazee wa barazani waliotumiwa video kwenye simu, hukutana na swali lile lile: kati ya hadithi zote za miji iliyomezwa na bahari, ipi ina mashiko na ipi imetungwa? Tumechagua nne tuzilinganishe: Heliki ya Ugiriki, Atlantis ya Plato, Dwarka ya Gujarati na Kumari Kandam, bara la Watamili wa kusini mwa India. Kwa mbali zinafanana kama ndugu. Ukizikaribia unaona kila moja ina chanzo chake, na anayetaka kueleza namna bahari inavyomeza mji kweli hatachukua hadithi ile ile na mwenzake anayetaka kueleza kwa nini nchi iliyopotea hupambwa dhahabu.

Kwanza uliza pima na muda

Kabla ya kusikiliza habari za majumba na wafalme, uliza mambo mawili ambayo nahodha yeyote angeuliza: maji ya mahali hapo yana pima ngapi, na nchi ilizama kwa muda gani? Majibu ya maswali haya mawili huamua mengi, kwa sababu nchi kavu hugeuka bahari kwa njia chache, na kila njia ina kina chake na mwendo wake.

Njia ya kwanza ni kuyeyuka kwa barafu. Miaka 20,000 hivi iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda juu ya kaskazini mwa Ulaya na Amerika, na uso wa bahari ulikuwa chini ya ulivyo leo kwa mita 120 hivi, yaani pima 65. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, ikatulia karibu ilipo sasa miaka 7,000 hadi 6,000 iliyopita. Umbo la Mombasa limetokana na kupanda huko. Kilindini na hori ya Tudor ni mabonde ya mito ya kale yaliyojazwa na bahari, ndiyo maana meli kubwa hupata kina ndani kabisa ya nchi. Unguja nayo iliwahi kuungana na bara, kwa kuwa mlango wa bahari unaoitenga ni wa makumi machache ya mita tu. Pemba haikuungana katika zama zile za barafu, maana mlango wake unashuka mamia ya mita.

Lakini barafu haina haraka. Hata pale bahari ilipopanda kwa kasi kubwa kupita zote, yapata miaka 14,600 iliyopita, ilikuwa sentimita 4 au 5 hivi kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: sentimita 4 mara miaka 30 ni mita 1.2. Pwani iliyo tambarare, inayoshuka mita 1 kwa kila mita 1,000, ingepoteza zaidi ya kilomita moja katika umri wa kizazi kimoja. Bibi angeweza kumwonyesha mjukuu wake maji mahali alipochezea utotoni. Hakuna mtu, hata hivyo, ambaye angelala mjini akaamka mji haupo.

Njia ya pili ni tetemeko kwenye ardhi laini, hasa penye mdomo wa mto. Mchanga uliojaa maji ukitikiswa, chembe zake huachana kwa muda, na kilichokuwa ardhi huwa kama uji: nyumba zinazama, na ukanda mzima wa pwani waweza kushuka mita kadhaa kwa dakika chache. Hapa ndipo penye "usiku mmoja" wa kweli. Njia ya tatu ni tsunami, kama ile ya tarehe 26 Desemba 2004 iliyovuka kutoka Sumatra hadi pwani yetu. Hii hubomoa na kuua, lakini maji yake hurudi. Peke yake haiachi mji chini ya bahari. Njia ya nne ni kutengana kwa mabara, kazi ya mamilioni ya miaka, inayoacha bahari yenye kina cha maelfu ya mita.

Msimulizi akikwambia bara zima lilizama usiku mmoja mahali ambapo leo pana kina cha mita 4,000, amechanganya muda wa njia ya pili na kina cha njia ya nne. Hakuna nguvu inayofanya yote mawili.

Heliki: mji uliozama kweli, ukatafutwa pasipo

Heliki ulikuwa mji mkuu wa miji kumi na miwili ya Akaya, kusini mwa Ghuba ya Korintho, kama kilomita 2 kutoka ufukweni. Ulikuwa na hekalu mashuhuri la Poseidoni, mungu wa bahari na matetemeko kwa Wagiriki wa kale. Usiku mmoja wa majira ya baridi ya mwaka 373 KK tetemeko liliupiga, bahari ikaingia, na mji ukatoweka pamoja na watu wake. Waandishi wa kale wanasema watu 2,000 walitumwa kuokoa maiti wasiweze, na kwamba merikebu kumi za Sparta zilizotia nanga pale ziliangamia. Yapata miaka 150 baadaye, mwanachuoni Eratosthenesi alifika akaambiwa na wavushaji kwamba sanamu ya shaba ya Poseidoni bado imesimama majini, na wavuvi huogopa isirarue nyavu zao.

Tazama habari hizi zilivyo. Kuna mwaka, kuna idadi ya merikebu, kuna wavuvi wanaolalamikia nyavu. Hakuna kuta za dhahabu. Mji wenyewe ni wa kawaida. Sababu ya kidini iliongezwa, kwamba wenyeji waliwavunjia heshima waliokimbilia hekaluni na Poseidoni akalipiza, lakini haikufunika tukio. Kwa maoni yetu hii ndiyo alama ya kwanza ya kumbukumbu ya kweli: vitu vyake ni vidogo na havina faida kwa msimulizi.

Pamoja na ushahidi wote huo, mji haukupatikana kwa muda mrefu sana, na kosa linafaa kufundishwa. Kila mtu aliamini kwamba mji uliozama uko baharini, kwa hiyo walitafuta katika ghuba. Mwaka 1988 watafiti walipima sakafu ya bahari kwa mawimbi ya sauti, wasione mji. Ndipo wakageuka nyuma na kutazama nchi kavu. Heliki ulijengwa kwenye uwanda wa matope yaliyoletwa na mito, na mito hiyo haikuacha kuleta matope baada ya mji kuzama. Walianza kutoboa mashimo membamba uwandani na kuinua udongo kwa vipande virefu, tabaka juu ya tabaka. Katika baadhi ya mashimo vilitoka vigae. Mwaka 2001, walipochimba mitaro karibu na kijiji cha Rizomilo, walifikia kuta zilizoanguka za zama zile zile, mahali ambapo leo ni mashamba.

Waliwezaje kujua kwamba palizama, si kwamba palianguka tu? Jibu lilikuwa kwenye udongo uliofunika kuta. Ni udongo laini wa mfinyanzi wenye mabaki ya vidudu vidogo mno vya maji ya chumvichumvi, aina ambayo haiishi bahari wazi wala mtoni. Inaishi kwenye wangwa, penye maji yaliyotulia nyuma ya ukingo wa mchanga. Kwa hiyo tetemeko lilishusha ardhi chini ya uso wa bahari, wangwa ukafunika magofu, wavushaji wakapita juu yake na kuyaona, kisha mito ikajaza wangwa mpaka ikawa nchi kavu tena. Mwaka 1861 tetemeko jingine kwenye ufa huo huo wa ardhi lilizamisha ukanda wa pwani mbele ya macho ya watu, likathibitisha kwamba jambo hilo linawezekana pale.

Atlantis: hadithi iliyoandikwa kwa kusudi

Tofauti inaanzia kwenye chanzo. Heliki una mashahidi wengi wasiotegemeana. Atlantis ina mmoja tu, mwanafalsafa wa Kigiriki Plato, aliyeiandika yapata mwaka 360 KK katika maandishi mawili ya majadiliano, la pili likiwa halikumalizika. Kila mwandishi wa baadaye anayeitaja anamrudia yeye. Anasema kisa kilitoka kwa makuhani wa Misri, kikapokewa na Soloni, mtunga sheria wa Athene, kikarithishwa kwa mdomo. Anasema kisiwa kilikuwa nje ya mlango wa Jibralta, kikubwa kuliko Libia na Asia zikiunganishwa, na kilizama kwa mchana na usiku mmoja, miaka 9,000 kabla ya Soloni.

Vipimo vyake ni vingi mno na vimenyooka mno. Katikati kisiwa kidogo, kisha mizunguko mitatu ya maji na miwili ya ardhi, imechorwa kama kwa bikari. Kuta zimefunikwa shaba, bati, na madini mengine yanayometa kama moto. Msomaji wa leo huvutwa na hesabu hizo akidhani ni ushahidi, lakini mwaka wenyewe unazikanusha. Miaka 9,000 kabla ya Soloni ni yapata mwaka 9600 KK. Wakati huo hapakuwa na shaba nyeusi popote duniani, wala jeshi la wapanda magari ya farasi, wala mji wa Athene ambao Plato anadai uliishinda Atlantis vitani. Na sakafu ya Atlantiki katikati si bara lililoshuka. Ni safu ya milima inayozaliwa kwa miamba ya moto inayopanda kutoka chini.

Kwa nini basi aliiandika? Ukiyasoma majadiliano yenyewe, Atlantis si shujaa wa kisa. Ni adui. Plato alikuwa ameeleza mji bora unavyopaswa kuwa, akataka kuuonyesha ukipigana. Akaupa mji huo jina la Athene ya kale, na akauundia adui tajiri, mwenye bandari, mwenye kiburi. Dhahabu ya Atlantis ni ushahidi wa mashtaka dhidi yake. Ni wasomaji wa karne za baadaye, hasa baada ya kitabu cha Mmarekani Ignatius Donnelly cha mwaka 1882, walioigeuza kuwa pepo iliyopotea na chimbuko la ustaarabu wote.

Je, kuna tone la kumbukumbu ndani yake? Wengi hutaja mlipuko wa volkeno ya Thera, yapata mwaka 1600 KK, uliofunika mji wa Akrotiri kwa majivu. Tukilazimika kuchagua, tunaegemea Heliki. Plato alikuwa mtu mzima mwenye miaka hamsini na kitu Heliki ulipozama, na aliandika miaka kama 13 tu baadaye. Mji wa Poseidoni uliomezwa usiku mmoja ulikuwa habari ya wakati wake. Hilo linaweza kueleza namna ya kuzama. Halielezi kisiwa, kwa sababu kisiwa hakihitaji kuelezwa: ni sehemu ya hoja yake.

Dwarka: magofu yapo, swali ni umri wao

Familia nyingi za Mombasa zenye asili ya Kachi na Gujarati zinaijua Dwarka kama mji mtakatifu wa Krishna. Katika Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Wahindu, Krishna anapokwisha kuondoka duniani, bahari inaufunika mji mtaa kwa mtaa huku rafiki yake Arjuna akiwaongoza watu kutoka. Kuzama kwake ni alama ya kufungwa kwa zama moja na kuanza nyingine iliyo duni. Kwa mwenye imani hiyo, maana ya kisa haingoji mpiga mbizi.

Hata hivyo wapiga mbizi walikwenda. Tangu miaka ya 1980, mwanaakiolojia S. R. Rao na taasisi ya uchunguzi wa bahari ya Goa walifanya kazi mbele ya mji wa leo wa Dwarka, kwenye maji ya kina kifupi. Walipata mawe ya kuchongwa na nanga nyingi za mawe zenye matundu. Rao aliona humo mji wa Krishna. Watafiti waliofuata katika taasisi hiyo hiyo walizilinganisha nanga hizo na nyingine za Bahari ya Hindi, wakaona nyingi zinafanana na za biashara ya zama za karibu zaidi, wakati vyombo vya Waarabu na Wahindi vilipokuwa vikija hadi kwetu. Kinachoonekana wazi ni bandari iliyotumika muda mrefu kwenye pwani inayoliwa na bahari. Hilo ni jambo kubwa, ila si sawa na kusema umri wa Mahabharata umepatikana.

Hapa kuna ugumu ambao Heliki haikuwa nao. Jiwe halina umri wa kupimwa kwa kaboni. Unapima mti, mkaa, mfupa au kombe lililofungiwa pamoja na jiwe, tena lazima uthibitishe kwamba vilifika pamoja. Mfano wa kuharibika kwa jambo hili ni ule wa Ghuba ya Khambhat, mashariki ya Dwarka. Mwaka 2001 serikali ya India ilitangaza kwamba picha za mawimbi ya sauti zimeonyesha mji chini ya mita 30 hadi 40 za maji, na mwanzoni mwa 2002 kwamba kipande cha mti kilichokokotwa kutoka chini kina miaka 9,500 hivi. Vyombo vya habari vikaandika kwamba mji una miaka 9,500. Lakini kile chombo cha kukokota huzoa kila kitu njiani bila kuonyesha kipi kilikuwa wapi, na ghuba ile ina mikondo mikali ajabu wakati wa bamvua. Mto huleta mti wa kale, mkondo huuviringisha, na mti unalala popote. Umri wa mti ni wa mti. Ukisoma habari ya namna hii, tafuta sentensi moja: kilichopimwa kilitolewa ndani ya ukuta au sakafu, kwa mkono wa mpiga mbizi, na mahali pake paliandikwa? Kama sentensi hiyo haipo, usihesabu miaka.

Kumari Kandam: nyuzi tatu zilizosukwa moja

Hii ndiyo hadithi yenye mengi ya kufundisha juu ya nchi ya dhahabu, na ndiyo inayosimuliwa vibaya zaidi, kwa sababu wasimulizi hawatenganishi nyuzi zake.

Uzi wa kwanza ni wa kale na wa Kitamili. Ufafanuzi mmoja wa sarufi ya mashairi, ulioandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, unaeleza mabaraza matatu ya washairi. La kwanza lilidumu miaka 4,440 katika Madurai ya kusini, la pili miaka 3,700 katika Kapatapuram, la tatu miaka 1,850 katika Madurai ya sasa. Miji miwili ya kwanza ilichukuliwa na bahari. Jumla ni miaka 9,990, na mtu anayezijua nasaba za wafalme atatambua kwamba hesabu kama hizo zimepangwa, hazikuhesabiwa. Lakini kiini chake si cha kupuuzwa. Pwani ya Watamili imepoteza ardhi kweli. India na Sri Lanka ziliungana bahari ilipokuwa chini, na mawimbi ya 2004 yaliporudi nyuma Mahabalipuram yalifunua mawe ya kuchongwa. Mwaka uliofuata wapiga mbizi walikuta mabaki ya majengo baharini karibu na hapo.

Uzi wa pili ni wa Kiingereza na wa kisayansi. Mwaka 1864 mtaalamu wa wanyama Philip Sclater alijiuliza kwa nini lemuri, wale wanyama jamii ya kima, wanajaa Madagaska huku jamaa zao wakiwa India. Akapendekeza kwamba palikuwa na bara lililoziunganisha, akaliita Lemuria. Lilikuwa wazo la busara wakati wake. Lilikufa katika karne ya 20 ilipothibitishwa kwamba mabara yenyewe husogea: India na Madagaska zilikuwa pamoja, zikaachana yapata miaka milioni 88 iliyopita. Hakuna mwanadamu aliyekuwepo kushuhudia, na maji yaliyo kati yake leo yana maelfu ya mita.

Uzi wa tatu ni wa siasa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, chini ya ukoloni, wasomi wa Kitamili walikuwa wakiambiwa kwamba ustaarabu wa India uliletwa kutoka kaskazini pamoja na Kisanskriti. Walipokutana na Lemuria, bara la kusini lililotajwa na Wazungu wenyewe, waliliunganisha na miji ya mabaraza, wakalipa jina la Kumari Kandam na kulichora kwenye ramani lenye mito na milima. Pwani iliyopoteza maili chache ikawa bara. Vitabu vya washairi visivyopatikana vikawa maktaba zilizozama. Waliofanya hivyo hawakuwa waongo. Walikuwa wakiitetea lugha yao kwa silaha iliyokuwapo, na tunawaelewa. Lakini mwalimu anayepeleka darasani uzi wa tatu akidhani ni wa kwanza atakuwa amefundisha ramani ya mahali ambapo hapajawahi kuwapo.

Dhahabu inatoka wapi

Tukizirudia zote nne, kuzama na dhahabu havisafiri pamoja. Heliki ulizama kweli na hauna dhahabu. Atlantis ina dhahabu nyingi kuliko zote na haikuzama. Bahari hutoa mwisho wa kisa tu. Mapambo yanaletwa na haja ya wanaosimulia: Plato alihitaji adui mwenye kiburi, wasomi wa Kitamili walihitaji ukongwe usiopingika, na kisa cha Dwarka kilihitaji kilele ambacho baada yake dunia inashuka. Bahari inafaa sana kwa kazi hiyo kwa sababu hufunga mlango, na hakuna anayeweza kwenda kuhakiki.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni kwamba umbo hilo hilo la kisa hupatikana pasipo bahari. Kila aliyesoma chuoni anaijua Iramu yenye nguzo, ya kaumu ya Adi, katika Suratul Fajri. Utajiri upo, kiburi kipo, onyo la Mtume Hudi lipo, na maangamizi yanakuja kwa upepo mkali katika nchi ya mchanga. Kila nchi huzijua nguvu zinazoiangamiza, na hizo ndizo zinazotajwa.

Na kwetu? Waswahili wana ombolezo la mji uliokwisha lisilohitaji hata tone la maji ya chumvi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, aliitazama Pate iliyofilisika akaeleza madaka yaliyopangwa sahani za kigeni yakiwa sasa makao ya makinda ya ndege. Al-Inkishafi inafanya kazi yote ya Atlantis, na Pate haikuzama. Wamijikenda nao wana Shungwaya, nchi ya kaskazini walikotoka na fingo zao kabla ya kujenga makaya. Wanahistoria wamebishana sana: wengine wanaiona kama kumbukumbu ya uhamaji wa kweli kutoka upande wa Somalia ya leo, wengine wanaonyesha kwamba vijiji vya nyuma ya pwani vimekaliwa mfululizo tangu zamani zaidi, na kwamba jina la Shungwaya lilienea baadaye kuwaunganisha watu tisa. Kwa vyovyote, ni nchi ya asili iliyopotea, na haikumezwa na kitu chochote.

Tunadhani kuna sababu ya kijiografia kwa nini hapa Mombasa hatuna hadithi kubwa ya nchi iliyozama. Nje ya mwamba wetu sakafu ya bahari inashuka ghafla. Ukifuata mstari wa mita 120 kwenye chati ya mabaharia, unaona kwamba hata zama za barafu ufuko wa kale ulikuwa kilomita chache tu kutoka ulipo wa leo. Watamili na watu wa Ghuba ya Khambhat walipoteza nyanda pana, sisi tulipoteza ukanda mwembamba. Kilichobaki machoni petu ni mahame ya nchi kavu, Gede na Jumba la Mtwana, na hadithi zetu zikaenda huko.

Uchukue ipi

Ukiwa na kipindi kimoja cha dakika 40, chukua Heliki, na ulete beseni. Mimina maji kiasi, kisha nyunyizia mchanga laini wa ufukweni polepole mpaka ufikie sentimita 12 hadi 15, bila kuushindilia. Ongeza au punguza maji yawe sentimita 1 au 2 chini ya uso wa mchanga. Simamisha nusu ya tofali juu, kisha gonga ubavu wa beseni kwa ngumi mfululizo. Maji yatapanda, tofali litainama na kuzama. Jaribio likikataa, sababu ni moja kati ya tatu: mchanga ni wa chembe kubwa mno, umeshindiliwa, au maji ni machache. Wanafunzi wakishaona hivyo, waulize mji utafutwe wapi, wasubiri wajibu "baharini", ndipo uwaonyeshe mito.

Ukiwa na muhula mzima na wanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, chukua Kumari Kandam, lakini nyuzi zake zifundishwe vipindi vitatu tofauti na kwa mpangilio wa miaka. Ndiyo ngumu kuliko zote nne na ndiyo inayowagusa zaidi vijana wenye maswali juu ya asili na ukoloni. Iweke Shungwaya karibu nayo mwishoni, usianze nayo, kwa sababu wazazi wa baadhi ya wanafunzi wana makaya yao na jambo hilo linataka heshima na muda.

Atlantis inafaa kwa somo la kuhakiki chanzo kuliko la historia. Wape wanafunzi swali moja tu: toa shahidi wa pili asiyemtegemea Plato. Waache watafute wiki nzima.

Dwarka wapelekee wapiga mbizi na wavuvi, ambao ndio wanaoweza kukuta kitu. Mambo ya kuwafundisha ni yale ambayo Khambhat ilikosa: andika mahali na kina, piga picha ikiwa na kitu cha kupimia ukubwa, usinyanyue, na upeleke taarifa kwa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus. Mfano wa karibu wa kazi iliyofanywa vizuri uko hapo hapo. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, ikachimbuliwa kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyotolewa vinaonyeshwa ndani. Wanafunzi waulize kila kifaa kililala upande gani wa merikebu. Swali hilo hujibika kwa sababu wapiga mbizi walipima mahali pa kitu kabla ya kukiinua.